Kihansi: Bwawa Dogo na Ukungu Uliokatika

Mtu akisikia kwamba ukuta wa bwawa utakuwa na kimo cha mita 25 hivi, na kwamba maji yatafunika eneo lisilozidi shamba la kijiji, hujiambia madhara yatakuwa madogo. Bwawa la Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, lilikuwa la namna hiyo. Lakini maji yake hayakukusudiwa kukaa bwawani. Yaliingizwa kwenye handaki, yakashuka zaidi ya mita 800 ndani ya mlima, yakazungusha mitambo ya megawati 180, kisha yakarudi mtoni chini kabisa. Kati ya ukuta na mahali yanaporudi kuna korongo lenye maporomoko, na humo ndimo uhai ulimokuwa umejificha.

Kila tathmini ya athari kwa mazingira huwa na sura inayoeleza viumbe waliopo kabla ya ujenzi. Mabadiliko yote ya baadaye hupimwa kwa kulinganishwa na sura hiyo. Kosa lake kubwa hutokea mapema, pale mipaka ya uchunguzi inapochorwa. Wataalamu wakihesabu miti na ndege wa eneo litakalofunikwa na maji tu, wanaacha nje sehemu ya mto itakayonyimwa maji, na kwa bwawa dogo la umeme sehemu hiyo mara nyingi ndiyo yenye kuumia zaidi.

Wanasayansi walifika kwenye korongo la Kihansi mwaka 1996, kazi ya ujenzi ikiwa tayari imeanza. Chini ya maporomoko, kwenye majani yaliyolowa muda wote kwa rasharasha za maji, waliwakuta vyura wadogo wa manjano ambao hakuna aliyewahi kuwaelezea kitaalamu. Jike mzima hafiki sentimita 3, naye hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Makazi yao duniani kote yalikuwa hekta chache za ukungu huo.

Mto ulikuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde. Mitambo ilipoanza kufanya kazi, sehemu iliyoachiwa korongo haikufika hata mbili. Mto haukukauka, ila ukungu ulikatika. Ndiyo maana orodha ya majina ya viumbe haitoshi. Sura inapaswa kueleza kila kiumbe anategemea nini katika maji: kina, kasi, unyevu hewani, au mafuriko ya masika yanayowapa samaki kama ningu njia ya kupanda mto kwenda kutaga. Kiwango cha maji yatakayoachwa yapite kinatokana na maelezo hayo. Yasipokuwepo, kitapangwa kwa kubahatisha.

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika hifadhi za wanyama, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Idadi ya vyura ilipanda tena. Mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Ukungu wa vimelea unaoshambulia ngozi ya vyura ulipatikana kwao. Wengine walitaja pia tope lililosukumwa kutoka bwawani, pengine likiwa na dawa za mashambani. Kama sampuli za ngozi, maji na tope zingechukuliwa na kuhifadhiwa kabla ya ujenzi, ingekuwa rahisi zaidi kujua kipi kilikuwepo tangu mwanzo na kipi kililetwa. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wale waliozaliwa kwenye hifadhi wakaanza kurudishwa Kihansi.

Msomaji anayepewa ripoti ya bwawa la mto wa kwao anaweza kuipima sura hii bila kuwa mtaalamu. Aanze na tarehe. Ikiwa uchunguzi wote ulifanyika kiangazi, vyura wanaolia usiku wa mvua na samaki wanaopanda mto wakati wa masika hawatakuwemo. Kisha atazame ramani ya vituo vya uchunguzi aone kama kuna vilivyo chini ya ukuta, hasa kwenye maporomoko na makorongo magumu kufikika. Halafu aulize ni usiku mingapi nyavu ziliwekwa, na kama siku za mwisho bado zilileta spishi mpya. Zikiwa bado zinaleta, kazi haijakamilika, hata jedwali liwe refu namna gani. Na maneno kama “hakuna spishi adimu iliyoonekana” yakitokana na ziara ya siku mbili, yanaeleza muda uliotumika kuliko yanavyoueleza mto. Mkutano wa hadhara wa kusikiliza maoni ndio mahali pa kudai uchunguzi urudiwe masika, kabla kibali hakijatolewa.