Simu Kwenye Spika: Mwanasiasa Anavyomruka Mwandishi

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, na Katoro likawa mojawapo, likimegwa kutoka Busanda. Mji huu ulio kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Chato unaishi kwa soko na dhahabu. Watu wake, kuanzia wenye maduara na wanunuzi wa dhahabu hadi bodaboda na mama lishe, wanatembea na simu mkononi. Kiongozi akihutubia uwanjani mchana, jioni kipande cha dakika mbili kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengi hawataona kitu kingine kuhusu mkutano huo. Gazeti likija kesho yake, wao wameshaamua nani alishinda.

Makala hii inachambua mbinu moja inayotengeneza vipande vya namna hiyo: kiongozi kumpigia simu mtendaji mbele ya umati, spika ya simu ikiwa imewashwa. Inaonekana kama kitendo cha papo kwa papo, lakini ina mpangilio, na mpangilio huo unaonyesha vizuri jinsi wanasiasa wa kundi fulani wanavyofika kwa wananchi bila kupitia kwa waandishi wa habari.

Kundi lenyewe ni la wanasiasa wa upopulisti. Mwanazuoni Cas Mudde, katika makala yake ya mwaka 2004 inayonukuliwa sana, aliueleza upopulisti kama mtazamo unaoigawa jamii pande mbili: wananchi safi na wakubwa waliooza. Kwetu pande hizo zilipewa sura iliyozoeleka zaidi enzi za Rais John Magufuli, mwana wa Chato, aliyejinadi kuwa rais wa wanyonge. Msafara wake ulisimama barabarani, mwananchi akapewa kipaza sauti aeleze shida yake, mtendaji husika akaitwa ajibu palepale, na televisheni ikarusha moja kwa moja. Wakati huohuo dirisha jingine lilikuwa limefungwa. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge mubashara. Mwananchi akawa anamwona kiongozi akihoji, na kwa nadra zaidi akimwona kiongozi akihojiwa.

Mbinu ya simu haikuanzia hapa. Nairobi, Mike Sonko alipokuwa seneta aliwahi kumpigia Rais Uhuru Kenyatta mbele ya umati. Lakini kwa Kanda ya Ziwa, mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Paul Makonda.

Historia yake na vyombo vya habari inaanza kabla ya ziara zake za mikoani. Machi 2017, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alituhumiwa kuingia usiku katika studio za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza, na Machi 23 akaondolewa uwaziri. Jukwaa la Wahariri, pamoja na umoja wa klabu za waandishi, walitangaza kutoandika habari za mkuu huyo wa mkoa. Miaka ya nyuma adhabu hiyo ingeuma. Kiongozi aliyekosa gazeti na redio alikuwa amekosa umma. Lakini kufikia 2017 mwanasiasa maarufu alikuwa na ukurasa wake wa Instagram, na nyuma yake maelfu ya watu wa kusambaza alichoweka. Wahariri walifunga mlango ambao hakulazimika tena kuupita.

Oktoba 22, 2023 Makonda aliteuliwa kuwa Katibu wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, Itikadi, Uenezi na Mafunzo. Siku chache baadaye alikuwa jukwaani akimwelekeza hata Waziri Mkuu kuhusu migogoro ya ardhi, kisha akaanza ziara mikoani. Utaratibu wa mikutano ulijirudia. Mwananchi anapewa nafasi ya kueleza kero. Kiongozi anauliza maswali mawili matatu, anatoa simu, anampigia waziri, anaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Waziri anajibu kwa heshima na kuahidi. Umati unashangilia.

Tazama mpangilio huo kwa jicho la fundi wa video. Una mwanzo wenye uchungu, katikati yenye wasiwasi kama waziri atapokea au hatapokea, na mwisho wenye ushindi. Unaisha ndani ya dakika chache, hauhitaji maelezo, na unaeleweka hata kwa aliyeanza kuutazama katikati. Kurasa za mitandao hupenda kitu kinachotazamwa hadi mwisho na kutumwa kwa wengine, na tukio hili limejengwa hivyo tangu jukwaani. Kinachobaki kwa mhariri wa ukurasa ni kuandika maneno makubwa juu ya picha.

Sasa angalia nani anauliza maswali. Katika mahojiano ya kawaida mwandishi ndiye anayeuliza na kiongozi ndiye anayejibu. Hapa kiongozi amekalia kiti cha mwandishi. Yeye ndiye anayembana mtendaji, tena mtendaji asiye na faili mbele yake na asiyejua kama maneno yake yanarekodiwa. Waziri hawezi kusema suala ni gumu, maana ataonekana anamtetea mkubwa dhidi ya mnyonge. Jibu salama kwake ni ndiyo. Na kiongozi aliyepiga simu hawezi kukumbushwa kwamba chama chake ndicho kilichounda serikali inayolalamikiwa, kwa sababu aliye na nafasi ya kuuliza ni yeye mwenyewe.

Hasara ya kukosa mwandishi inaonekana tukichukua kero ya kawaida ya eneo hili. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mwenye duara anasimama uwanjani Katoro na kusema mwenye leseni amemfukuza baada ya mwamba kuanza kutoa dhahabu. Simu inapigwa, waziri anaahidi kutuma mtu kesho, uwanja unalipuka kwa vifijo. Mwandishi anayeijua sekta angeuliza mambo ambayo hayamo kwenye kipande. Je, kulikuwa na mkataba wa maandishi au walielewana kwa mdomo? Duara liko ndani ya mipaka ya leseni ya uchimbaji mdogo au limevuka? Mgogoro umeshafika kwa Afisa Madini Mkazi, na aliamua nini? Sheria ya Madini inaipa Tume ya Madini mamlaka ya kusikiliza migogoro ya aina hii, na mwenye leseni anayedaiwa kukiuka masharti hupewa hati ya makosa na muda wa kujirekebisha kabla leseni haijafutwa. Simu ya jukwaani haifuti hatua hizo. Ikitekelezwa bila kuzifuata, mwenye leseni atakwenda kupinga na huenda akashinda, na mwenye duara atajikuta alipoanzia. Huo mwisho wa pili hautarekodiwa.

Mtu anaweza kuuliza: waandishi si walikuwepo uwanjani? Walikuwepo, na kamera zao ndizo zilizosambaza sehemu kubwa ya vipande hivyo. Kumruka mwandishi hakumaanishi kumzuia asije. Inatosha kumgeuza mbebaji wa kamera. Televisheni ya mtandaoni inaishi kwa idadi ya watazamaji, na simu ya waziri inaleta watazamaji wengi kuliko ufuatiliaji wa leseni moja kijijini. Tena ufuatiliaji una gharama ya nauli, siku kadhaa za kazi, na hatari ya kukosana na wakubwa.

Hapo sheria nazo zimechangia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka blogu, redio na televisheni za mtandaoni ziwe na leseni, kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 ukijumlisha maombi, leseni na malipo ya mwaka. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda kwa sababu ya kanuni hizo. Masharti yamelegezwa kiasi baadaye, lakini tofauti ya msingi imebaki. Mwenye chombo cha habari mtandaoni ana leseni inayoweza kusimamishwa, wakati mwanasiasa mwenye ukurasa wake binafsi hana leseni ya kupoteza. Anayeuliza yuko hatarini kuliko anayetangaza.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mitandao imempa kila mtu njia sawa ya kufika kwa umma. Julai 2025 Humphrey Polepole, aliyewahi kushika ofisi hiyohiyo ya uenezi ya CCM, alijiuzulu ubalozi wa Cuba na kuanza kukosoa chama na serikali moja kwa moja mtandaoni. Kwa mbinu alifanana na wenzake, akizungumza na wananchi bila mhariri katikati. Ila yeye hakuwa na kivuli cha mamlaka. Oktoba 6, 2025 familia yake ilisema ametekwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Mwaka huohuo mtandao wa X ulizuiwa nchini kuanzia Mei, JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90 kuanzia Septemba, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, intaneti ikakatwa. Njia ya kumruka mwandishi iko wazi kwa anayeruhusiwa kuipita. Anayeipita bila ruhusa hukuta mhariri mwingine, mwenye uwezo wa kuzima mtambo mzima.

Mbinu hii ina mafanikio yake ya kweli, na ndiyo maana inapendwa. Mtendaji anayejua kwamba anaweza kupigiwa simu mbele ya uwanja huacha kukalia mafaili, na wapo wananchi waliopata haki yao kwa njia hiyo baada ya kuzungushwa miaka mingi maofisini. Tatizo ni kwamba manufaa hayo hayapimiki kwa kipande chenyewe. Kipande kinaonyesha ahadi. Utekelezaji huonekana miezi kadhaa baadaye, na kufikia hapo msemaji huenda ameshahama. Makonda mwenyewe aliteuliwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha Machi 31, 2024, kabla hajafikisha miezi sita katika uenezi. Ahadi iliyotolewa kwa simu haiji na rejista ambayo mwananchi anaweza kwenda kuikagua, na hotuba ya jukwaani haina nguvu ya barua yenye namba ya kumbukumbu.

Msomaji wa Katoro anaweza kuupima mkutano unaofuata kwa vitu vichache. Asikilize kama kiongozi ametaja ofisi inayohusika kisheria, tarehe ya utekelezaji, na mtu atakayewajibika siku hiyo ikipita. Atafute video ndefu ya mkutano mzima aone kipande kimekatwa wapi, hasa kama waziri alianza kueleza ugumu kabla ya kuahidi. Aangalie pia kama kiongozi alikubali maswali ya waandishi baada ya kushuka jukwaani, au gari liliondoka moja kwa moja. Na mwenye kero ambaye simu imepigwa kwa ajili yake asiondoke uwanjani na makofi tu. Aombe jina la afisa atakayefuatilia, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi katika ofisi husika na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo mwandishi ataihitaji atakapokuja kuuliza kama ahadi ilitimizwa.