Shilingi ya Kenya iliposhuka: nani alipata, nani alipoteza?

Ndugu wafanyakazi, katika semina yetu ya matawi ya mpakani tulizungumza habari za jirani zetu wa Kenya. Mjadala ukawa mkali. Wengine walisema shilingi ikishuka nchi nzima inaumia, wengine wakasema la, wenye mashamba ya chai wanashangilia. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli nusu. Tukaona yafaa tuandike maswali, kila moja na majibu matatu, kila mtu achague lake kabla ya kusoma maelezo. Nawe fanya hivyo. Chukua penseli, na usichungulie chini.

Kwanza tujue yaliyotokea. Mwezi wa Septemba 1922 haituhusu, tunasema Septemba 2022: dola moja ya Marekani ilinunuliwa Kenya kwa shilingi zao karibu 120. Mwishoni mwa Januari 2024 dola hiyo hiyo ilikuwa karibu shilingi 160. Kisha Februari 2024 serikali ya Kenya ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje, hofu ya kushindwa kulipa deni la zamani ikapungua, na ilipofika Aprili dola ilikuwa imerudi karibu 130. Basi namba zetu ni tatu tu: 120, 160 na 130.

SWALI LA 1. Dola ilipotoka 120 ikafika 160, shilingi ya Kenya ilifanya nini?
(a) Ilipanda, kwa kuwa namba imekuwa kubwa.
(b) Ilipoteza theluthi moja ya thamani yake.
(c) Ilipoteza robo ya thamani yake.

Jibu ni (c). Wengi walichagua (b), na kosa lao laeleweka. Dola ndiyo iliyopanda kwa theluthi: 40 juu ya 120. Lakini shilingi 120 zilizonunua dola nzima zamani, sasa zanunua senti 75 za dola. Imepotea robo. Ukikaa mezani na mwajiri naye akataja asilimia, muulize ni asilimia ya kupanda kwa dola au ya kushuka kwa shilingi, maana mtu huchagua ile inayomfaa.

SWALI LA 2. Kiwanda cha chai cha Kenya kinauza chai kavu katika mnada wa Mombasa kwa dola 2 kwa kilo. Shilingi ikishuka kutoka 120 hadi 160 na bei ya mnada isibadilike, faida yake kwa kilo itakuwaje?
(a) Itaongezeka kwa theluthi, sawasawa na dola.
(b) Itaongezeka zaidi ya theluthi.
(c) Haitabadilika, kwa kuwa gharama nazo hupanda.

Katika mnada wa Mombasa chai huuzwa kwa dola, si kwa shilingi. Hata chai ya kwetu Tanzania, ya Uganda na ya Rwanda hupelekwa pale ikauzwa kwa dola hizo hizo. Lakini kiwanda hulipa gharama nyingi kwa shilingi: majani mabichi, mishahara, kuni za boila. Sehemu ndogo ndiyo hufuata dola: mbolea, dizeli, vipuri, mifuko ya kufungia.

Tufanye hesabu kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme kila kilo ina gharama za shilingi 150 zinazolipwa kienyeji, na senti 40 za dola kwa vitu vya kutoka nje. Dola ikiwa 120, kiwanda kinapokea shilingi 240. Kinatoa 150, kinatoa tena 48 za vitu vya nje, kinabaki na 42. Dola ikiwa 160, kinapokea 320. Kinatoa 150 zile zile, kinatoa 64 za vitu vya nje, kinabaki na 106. Faida imepita maradufu! Jibu ni (b).

Sasa tazama hizo 150 zile zile. Ndani yake mna mshahara wa mchumaji na wa fundi wa boila. Faida ilikua namna ile kwa sababu mshahara ulisimama pale pale wakati dola inakwenda. Hakuna aliyechuma majani mengi zaidi, wala mashine haikuzunguka upesi zaidi. Tuseme katika 150 mishahara ni 60, na chama kikadai nyongeza ya asilimia 20. Hiyo ni shilingi 12 kwa kilo. Kiwanda kingebaki na 94 badala ya 106, bado zaidi ya maradufu ya 42 za mwanzo. Mwajiri akisema nyongeza hiyo itaua kiwanda, mwombeeni karatasi na penseli.

Lakini tusijidanganye upande wetu pia. Hesabu yote imesimama juu ya zile dola 2, na mnunuzi naye ana fedha yake. Wanunuzi wakubwa wa chai ya Mombasa ni Pakistani na Misri, na katika miaka hiyo hiyo rupia ya Pakistani na pauni ya Misri zilianguka vibaya. Kwa mnywaji wa Karachi chai ya dola 2 ilikuwa ghali kuliko zamani, akavuta mkono. Katika mfano wetu, bei ikishuka hadi dola 1.60, kiwanda kinapokea 256, kinatoa 214, kinabaki na 42. Yaani senti 40 za dola zikipungua mnadani, neema yote ya shilingi kushuka imekwisha. Kwa hiyo usitazame bei ya dola peke yake. Itazame pamoja na bei ya mnada.

Tena yako mashamba ambayo gharama zao nyingi hufuata dola, kama ya maua yanayolipa nauli ya ndege kwa dola. Na kampuni yenye mkopo wa dola benki, deni lake hupanda siku ile ile mauzo yanapopanda. Huko faida ni ndogo, na si uongo wakisema hivyo. Ila waonyeshe.

SWALI LA 3. Mwenye duka la vipuri Nairobi aliagiza mali ya dola 10,000 mwanzoni mwa Oktoba 2023, dola ikiwa karibu 148, alipe baada ya miezi mitatu. Aliuza mali yote upesi kwa faida ya shilingi 100,000. Mapema Januari 2024 dola ilikuwa karibu 157. Je, alibaki na nini?
(a) Shilingi 100,000 zake, maana mali aliuza mapema.
(b) Karibu shilingi 10,000.
(c) Hasara ya 90,000.

Jibu ni (b). Deni lake Oktoba lilikuwa shilingi 1,480,000, na Januari likawa 1,570,000. Tofauti ya 90,000 imekula faida. Hapa ndipo mwagizaji anapoumia zaidi, si pale dukani wakati wa kuuza, bali katikati, kati ya kuagiza na kulipa. Akishaungua mara moja, mara ya pili hupanga bei kwa dola anayoiogopa, si kwa dola ya leo. Ndiyo maana bei za madukani hupanda hata kabla ya dola kupanda.

Tahadhari moja hapa. Petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, na wengi wakailaumu dola. Dola ilikuwamo, lakini Julai ya mwaka huo serikali yao ilikuwa imeongeza kodi ya thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mafuta ghafi nayo yalikuwa yamepanda duniani. Si kila ghali ni kosa la shilingi.

SWALI LA 4. Mfanyabiashara wetu wa Mang'ola anapeleka vitunguu Nairobi na kulipwa kwa shilingi za Kenya. Shilingi ya Kenya ikishuka, yeye:
(a) Anapata, kwa kuwa yeye ni muuzaji nje.
(b) Anapoteza.
(c) Haimhusu, kwa kuwa hatumii dola.

Nusu ya semina ilisema (a). Jibu ni (b). Muuzaji nje anafaidika fedha ya nyumbani kwake ikishuka. Ikishuka fedha ya mnunuzi wake, anaumia. Septemba 2022 shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani ya shilingi zetu zaidi kidogo ya 19. Januari 2024 ilikuwa karibu 16, maana yetu ilishuka pia, lakini kidogo. Gunia lililouzwa shilingi 5,000 za Kenya lilimletea nyumbani karibu 95,000, kisha likamletea karibu 80,000. Kuli wa kupakia na dereva hawakupunguza malipo yao.

Upande wa pili, sabuni na mafuta ya kupikia kutoka viwanda vya Kenya vikawa rahisi kuingia kwetu. Mama wa nyumbani alifurahi. Mwenzetu anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni upande huu hakuwa na sababu ya kufurahi.

SWALI LA 5. Dola ilirudi 130. Kiwanda chetu cha chai sasa kiko wapi?
(a) Pazuri kuliko mwanzo, maana 130 ni zaidi ya 120.
(b) Pale pale pa mwanzo.
(c) Huenda pabaya kuliko mwanzo.

Rudi kwenye hesabu. Kwa dola 2, kiwanda kinapokea 260. Gharama zikibaki 150, pamoja na 52 za vitu vya nje, kinabaki na 58. Huyo ni (a). Lakini gharama za kienyeji hazikukaa. Katika miezi ile ya ghali, kuni, usafiri na mishahara vilipanda. Tuseme 150 imekuwa 180. Sasa 260 kutoa 232 ni 28, chini ya zile 42 za mwanzo. Jibu la kweli ni (c): dola hurudi chini kwa miezi miwili, lakini bei za ndani hazirudi nayo.

Mwaka 2025 wakulima wengi wa chai Kenya walipata malipo ya mwisho wa mwaka madogo kuliko ya 2024, na moja ya sababu walizoelezwa ni kwamba shilingi imepata nguvu. Ndugu mmoja katika semina aliuliza kama, ilipokuwa 160, kuna mchumaji aliyeitwa akaambiwa shilingi imeshuka, njoo uchukue sehemu yako. Mkataba wa hali bora hujadiliwa kwa miaka, dola hubadilika kwa siku. Matawi yanayoingia mezani mwaka huu yaombe kwanza majibu ya mambo matatu kwa maandishi: kampuni inauza kwa fedha gani, inanunua kwa fedha gani, na mkopo wake uko katika fedha gani.