Lebo Fupi, Maana Kamili: Jinsi ya Kusoma Kiswahili cha Vifungashio

Barabara iendayo Namanga hupita Sakina, na maduka yaliyo kando yake huuza bidhaa za namna mbili kwenye rafu moja. Zipo zilizotengenezwa Arusha kwenyewe, na zipo zilizovuka mpaka kutoka Kenya au nchi za mbali zaidi. Mlaji anayechukua kikombe cha mtindi, kopo la siagi ya karanga au pakiti ya biskuti huonana kwanza na lebo ndogo ambayo mara nyingi imebeba Kiswahili na Kiingereza pamoja. Katika nafasi isiyozidi kiganja cha mtoto, lebo hiyo hulazimika kutaja jina la chakula, viambato, uzito au ujazo, mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe na maelekezo ya kuhifadhi. Mambo hayo yametajwa katika Kiwango cha Afrika Mashariki namba 38, kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa.

Nafasi inapobana, maneno hupunguzwa. Katika makala haya tunaeleza ni maneno gani yanaweza kuondolewa bila madhara, ni yapi yakiondolewa mlaji hupotoshwa, na dalili gani zitakuonyesha kwamba tafsiri imekatwa mahali pasipofaa.

Mfano wa kikombe cha mtindi

Tuchukue mfano wa mtengenezaji mdogo wa mtindi anayebandika lebo yenye upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 4. Kwa herufi ndogo ambazo bado zinasomeka, mstari mmoja wa lebo hiyo huchukua takriban herufi 40, tukihesabu na nafasi kati ya maneno. Maelekezo ya kuhifadhi yakitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, hutokea hivi:

"Tafadhali hifadhi bidhaa hii kwenye jokofu katika nyuzijoto 2 hadi 6 wakati wote. Baada ya kufungua kifungashio, tafadhali tumia bidhaa ndani ya siku tatu."

Hizo ni herufi 155, yaani takriban mistari minne. Mtengenezaji hana mistari minne. Basi huenda akakata na kubakiza haya:

"Hifadhi mahali pa baridi. Tumia ndani ya siku 3."

Sasa zimebaki herufi 48, lakini mambo mawili yamepotea. La kwanza ni friji. "Mahali pa baridi" ni maneno yanayofaa kwa unga, majani ya chai au biskuti, ambako maana yake ni mbali na jua na mbali na jiko. Kwa mtindi hayatoshi. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai chini ya Mlima Meru ni baridi kweli. Msomaji wa Sakina anayeweka kikombe hicho kwenye sakafu ya saruji jikoni anaamini kwa haki kabisa kwamba ametii lebo. Hata hivyo sakafu hiyo haifikii ubaridi wa friji, na mtindi utaendelea kuchacha hadi uharibike kabla ya tarehe iliyopigwa kifunikoni.

Jambo la pili lililopotea ni sharti. Siku tatu zinahesabiwa kuanzia lini? Tangu ulipotengenezwa, tangu uliponunuliwa, au tangu ulipofunguliwa? Lebo haisemi. Mmoja atatupa mtindi mzima ambao haujafunguliwa, na mwingine ataendelea kula uliokaa wazi kwa wiki nzima kwa kuifuata tarehe ya kifunikoni.

Tafsiri iliyo sawa ni hii:

"Weka kwenye friji, 2–6 °C. Ukifungua, umalize ndani ya siku 3."

Hizo ni herufi 62, yaani 14 tu zaidi ya tafsiri mbovu. Kilichoondolewa ni "tafadhali", "bidhaa hii" na "kifungashio", maneno ambayo msomaji hayahitaji kwa kuwa bidhaa ameishika mkononi. Kilichobaki ni mahali, nyuzijoto, sharti na muda.

Tazama pia kazi ya neno moja, "ukifungua". Kiswahili husemwa kuwa ni lugha ndefu isiyoenea kwenye lebo, na kwa majina ya vitu huenda ikawa hivyo. Lakini kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, sharti na tendo ndani ya neno moja. "Baada ya kufungua kifungashio" ina maneno manne, na "ukifungua" inasema yaleyale. Kwa hiyo mtengenezaji anayesema sharti liliachwa kwa kukosa nafasi hana hoja nzito.

Sharti hili lina uzito zaidi kwenye maziwa ya boksi yaliyochemshwa kwa joto kali ili yadumu. Hayahitaji friji yakiwa yamefungwa, lakini yanaihitaji mara tu yanapofunguliwa. Lebo ikiandika "hayahitaji friji" bila kuongeza "yakiwa yamefungwa", imesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Tarehe mbili zisizo na maana moja

Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Kodeksi, hutofautisha tarehe za aina mbili. Ya kwanza ni ya usalama: siku hiyo ikipita, chakula kisiuzwe wala kuliwa. Hutumika kwa vyakula vinavyoharibika upesi. Ya pili ni ya ubora: hadi siku hiyo mtengenezaji anadhamini ladha, harufu na hali ya chakula. Biskuti zilizopita tarehe ya namna hii huenda zimelegea, lakini hazijawa sumu kwa kupita usiku mmoja.

Katika lebo nyingi za Kiswahili tarehe zote mbili huitwa "mwisho wa matumizi". Ufupisho huo hufuta tofauti ambayo lugha ya kwanza ya lebo ilikuwa nayo. Maneno mafupi ya kutosha yapo: "Tumia hadi" kwa tarehe ya usalama, na "Bora hadi" kwa tarehe ya ubora.

Tunapendekeza "hadi" badala ya "kabla ya" kwa sababu mbili. Ni fupi zaidi, na inahesabu siku vizuri zaidi. "Tumia kabla ya 12 Mei" maana yake, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kwamba siku ya mwisho ni tarehe 11. "Tumia hadi 12 Mei" huijumlisha tarehe 12 yenyewe. Kwa maziwa yanayodumu siku chache, siku moja si jambo dogo.

Mara nyingi tarehe haiko kwenye lebo bali hupigwa na mashine kwenye kifuniko au chini ya kopo, ikitanguliwa na kifupi cha Kiingereza chenye herufi E, X na P. Kifupi hicho humaanisha mwisho wa muda wa kutumika. Ukiona herufi B na B, hiyo ni tarehe ya ubora. Herufi M, F na G hutangulia tarehe ya kutengenezwa, na wapo wanaoichukua kimakosa kuwa tarehe ya mwisho.

Tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu pekee nayo ina mtego. 04/05 yaweza kuwa tarehe 4 Mei au tarehe 5 Aprili, kutegemea desturi ya nchi bidhaa ilikotoka. Mwezi ukiandikwa kwa herufi tatu, yaani Mac, Apr, Mei au Okt, utata huisha kwa gharama ya herufi moja tu zaidi.

Viambato, viungo na njugu

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi wakati wa kutengeneza. Tafsiri haipaswi kuvuruga mpangilio huo. Sukari ikitajwa ya kwanza kwa Kiingereza na ya tatu kwa Kiswahili, mojawapo ya orodha hizo si ya kweli.

Neno lenyewe la kichwa cha orodha huleta utata. Wengi huandika "Viungo" kwa kuwa ni fupi, lakini viungo ni pia bizari, iliki na pilipili manga. Lebo ya soseji inayosema "Viungo: nyama, maji, chumvi, viungo" humchanganya msomaji. "Viambato" imezidi "viungo" kwa herufi mbili tu na haina utata huo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye onyo kwa wenye mzio. Neno la Kiingereza linalojumuisha korosho, lozi na jamii yake halina mwenzake wa neno moja linalofahamika na wote katika Kiswahili. Mfasiri aliyebanwa na nafasi huandika "njugu". Kwa msomaji wa Kenya, njugu ni karanga. Kwa wengi huku kwetu, njugu ni njugu mawe. Wala mmoja hafikirii korosho. Kwa bidhaa zinazovuka Namanga, neno hilo moja linaweza kumpotosha mzazi ambaye mtoto wake huvimba koo akila korosho. Njia iliyo salama ni kutaja kitu chenyewe kwa jina: "Ina korosho. Huenda ina karanga." Kama nafasi haitoshi, kipunguzwe kitu kingine, kama sifa za bidhaa zilizo upande wa mbele.

Kodeksi inaruhusu vifungashio vidogo sana, ambavyo uso wao mkubwa haufikii sentimita za mraba 10, visiwe na orodha ya viambato wala tarehe, isipokuwa vya viungo vya chakula na mimea ya kukolezea. Pipi moja inaweza kuangukia hapo. Kikombe cha mtindi hakiangukii hapo.

Ufanye nini ukiwa dukani

Soma lugha zote mbili hata kama moja huifahamu vizuri, kwa kuwa tarakimu zinasomeka kwa lugha yoyote. Ukiona nyuzijoto au idadi ya siku upande wa Kiingereza, na upande wa Kiswahili hakuna tarakimu hizo, tafsiri imekatwa. Mwombe muuzaji au mtu mwingine akusomee sehemu hiyo. Kama muuzaji ameweka bidhaa juu ya kaunta huku lebo ikitaka friji, usiinunue, hata kama tarehe bado.

Angalia pia kibandiko cha Kiswahili kilichowekwa juu ya lebo ya awali. Kinaruhusiwa kuongeza maelezo, lakini kinapaswa kulingana kikamilifu na lebo ya awali. Kikifunika tarehe au kikitaja tarehe tofauti, iache bidhaa hiyo.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Unapopeleka taarifa, peleka kifungashio chenyewe au picha ya pande zote, na risiti kama unayo. Hakikisha namba ya toleo inasomeka, kwa sababu ndiyo inayowawezesha wakaguzi kutambua bidhaa nyingine zilizotoka pamoja na hiyo uliyoinunua.