Kabla hujauza simu yako, toa akaunti kwanza

Umepata mnunuzi mtandaoni. Mmeelewana 9,000, mnakutana jioni Kencom, na una haraka ya kushika pesa. Tulia kidogo, mimi haraka hiyo ilinichoma.

Nilizima simu yangu ya Android, nikafinya kitufe cha kuwasha pamoja na cha sauti, nikaifuta kupitia ile menyu ya skrini nyeusi. Nikalipwa, nikaenda zangu. Saa tatu usiku jamaa akanipigia: "Buda, simu inaitisha akaunti yako. Nitumie paswadi."

Nilidhani ni tapeli. Kumbe kosa lilikuwa langu. Tangu Android 5.1, simu ikifutwa kwa njia hiyo huku akaunti yako ya Google ikiwa bado ndani, hujifunga. Inafikiri imeibwa, na haitamfungukia mwingine hadi mwenyewe ajitambulishe.

Usimtumie mtu paswadi hata akikulilia. Akaunti hiyo ndiyo ina picha zako, barua pepe zako na pengine paswadi zako zingine zote. Mimi nilirudi mjini kesho yake, nikaiandika kwa mkono wangu, kisha nikaanza upya kwa mpangilio unaofaa.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kwanza hakikisha picha na WhatsApp zimehifadhiwa kwa akaunti yako. Usifute picha moja moja, kwa sababu ukizifuta ndani ya Google Photos, zinapotea hata kule ulikozihifadhi. Pili, nenda Settings, kisha Accounts, chagua akaunti yako na ubonyeze Remove account. Kama una zaidi ya moja, toa zote. Tatu, chomoa laini na memori kadi, maana laini yako ya M-Pesa haifutiki na simu, na kadi mara nyingi hubaki na kila kitu. Mwisho kabisa, ukiwa ndani ya Settings, tafuta Factory reset.

Je, mtaalamu hawezi kufufua picha zako baadaye? Simu nyingi za miaka ya karibuni huhifadhi data ikiwa imefungwa kwa msimbo, na kuriseti hutupa ufunguo wake. Kinachobaki hakisomeki. Kama simu yako ni ya kitambo, angalia kwenye Security kama kuna Encrypt phone. Ifunge hivyo kwanza, ndipo uifute.

Kabla hujatoka nyumbani, iwashe na uiunganishe na waifai kana kwamba wewe ndiye mnunuzi. Ikikuitisha akaunti ya zamani au patani yako, bado haijatoka mikononi mwako. Ikikuruhusu kuruka hatua ya akaunti, izime hapo hapo, uende Kencom ukachukue pesa zako.