Voisi yako ikisambazwa, mteja atajuaje ni wewe?
Tuseme unauza vifaranga Kakamega. Kila Jumanne unatuma voisi ya dakika moja kwenye grupu la wafugaji, ukieleza dalili za kideri na kwa nini chanjo yake hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Watu wanakuamini, wanaisambaza. Lakini ikisambazwa kwenye WhatsApp, jina lako halisafiri nayo. Tapeli anaweza kuituma kwingine, kisha aweke namba yake ya malipo chini yake.

Tunakushauri uanze kwa kutaja jina, soko na tarehe. Malizia kwa kusoma namba yako ya malipo polepole, mara mbili, pamoja na jina la biashara lililosajiliwa. Waambie wateja: mkilipa na jina litokee tofauti, sitisheni.