Heshima Haipimiki, Kiwiko Kinapimika

Fungua mwongozo wa watumishi wa hospitali binafsi, Dar es Salaam au Mombasa, utafute ukurasa wa mavazi. Hutashangaa ukikuta sentensi kama hii: "Mtumishi atavaa mavazi ya heshima wakati wote, na atakuwa na mwenendo mzuri." Aliyeiandika aliona amemaliza kazi. Kumbe kazi yote amemwachia mlinzi wa getini na muuguzi kiongozi wa zamu, na kila mmoja ana heshima yake aliyolelewa nayo. Mmoja ataona suruali kwa muuguzi wa kike ni utovu wa adabu. Mwingine atakereka na ushungi, na wa tatu hawezi kuvumilia kijana mwenye rasta. Wote watakuwa wanasimamia sentensi ileile.

Udhaifu wake huonekana siku mtumishi anapofukuzwa kazi na shauri kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Tanzania Bara, Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinamwelekeza mwamuzi, katika kanuni ya 12, nini cha kuangalia mtu anapoachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Kwanza, je, kanuni ya kazi ilivunjwa kweli? Kama ilivunjwa, je, ni kanuni ya busara? Iko wazi, haina utata? Mtumishi aliijua, au alitarajiwa aijue? Mwajiri ameitumia kwa watu wote kwa namna moja? Na je, kufukuzwa ndiyo adhabu inayolingana na kosa hilo? "Mavazi ya heshima" hukwama kwenye swali la uwazi, na kwa kuwa kila msimamizi aliisoma kivyake, hukwama tena kwenye swali la kutumika kwa namna moja.

Kwa hiyo anayeandika kanuni ya mavazi aanze na sababu kabla ya nguo. Ajiulize vazi hili likivaliwa vibaya linamdhuru nani, kwa njia gani. Mashauri mawili ya Uingereza yanaonyesha uzito wa swali hilo kuliko maelezo yoyote.

Nadia Eweida alikuwa akihudumia abiria wa British Airways kwenye uwanja wa Heathrow. Mwaka 2006 alizuiwa kuvaa msalaba mdogo juu ya sare, kwa sababu shirika lilitaka kulinda sura yake mbele ya abiria. Shirley Chaplin alikuwa muuguzi katika hospitali ya umma mjini Exeter, naye alizuiwa kuvaa msalaba wa mkufu shingoni. Wote wawili walifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na hukumu ikatolewa siku moja, Januari 2013. Eweida alishinda. Mahakama iliona kwamba sura ya shirika ni jambo halali, lakini ilipewa uzito kupita kiasi, hasa kwa kuwa vilemba na hijabu vilikuwa vimeruhusiwa tayari bila shirika kupata hasara, na mwaka uliofuata kanuni yenyewe ilibadilishwa. Chaplin alishindwa. Hospitali ilieleza kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuukamata mkufu akaumia au akamuumiza muuguzi, na kwamba msalaba unaoning'inia unaweza kugusa kidonda. Tena ilikuwa imempa njia nyingine, kama kuubana kama beji au kuuvaa ndani ya vazi lenye kola ya juu. Alama ya dini ni ileile. Kilichotofautiana ni sababu, na juhudi ya mwajiri kutafuta njia ya kati.

Sasa turudi kwenye hospitali yetu ya mfano, yenye wodi, maabara, jiko na mapokezi, na tuiandike upya ile sentensi. Sehemu ngumu kuliko zote ni mikono.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, linawakataza wahudumu wanaomgusa mgonjwa kuvaa kucha za bandia, na linataka kucha za asili zisizidi nusu sentimita. Hapo tayari tuna kipimo ambacho hakuna anayeweza kukibishia getini. Kipengele kinaweza kusomeka hivi:

"Mtumishi anayemgusa mgonjwa, kitanda chake au vifaa vyake vya tiba ataacha wazi mikono yake kuanzia kiwiko hadi vidole wakati wa huduma. Hatavaa saa ya mkononi, bangili wala pete, isipokuwa pete moja isiyo na kito. Kucha zitakuwa za asili, zisizozidi milimita 5. Sababu: sabuni na kitakasa mikono vifike kila mahali hadi juu ya kifundo cha mkono."

Ukiisoma haraka, haina dini wala jinsia. Inamgusa daktari mwenye saa ya bei mbaya, Mkatoliki mwenye rozari ya mkononi, Singasinga mwenye bangili yake ya chuma na bibi harusi mwenye kucha mpya. Lakini usiridhike mapema. Kwa Mwislamu anayeamini kwamba mikono yake ni sehemu ya sitara yake, kanuni hii ni nzito kuliko ilivyo kwa mwenzake anayevua saa tu. Kanuni moja kwa wote inaweza kumwelemea mmoja, na sheria inalitambua hilo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, pamoja na dini na jinsia, mavazi yametajwa waziwazi. Ni Ibara hiyo iliyokuwa kiini cha shauri la hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wanafunzi mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa kasoro za taratibu, bila kulimaliza swali lenyewe.

Jibu linalofaa kwa mikono lilishapatikana Uingereza. Mwongozo wa sare wa mwaka 2010 uliruhusu mikono ya robo tatu, na mikono ya kutupa inayovaliwa na kuvuliwa kwa kila mgonjwa kama glavu. Kwa hiyo kipengele chetu kinaongezewa mstari: "Asiyeweza kuacha mikono wazi kwa sababu ya imani atavaa mikono ya kutupa itakayotolewa na hospitali." Neno "itakayotolewa" lina uzito. Ruhusa ambayo mtumishi hulazimika kuinunua kila siku hugeuka kuwa faini.

Kichwa ni rahisi zaidi: kifuniko chochote kinaruhusiwa, kiwe ushungi, kilemba au kofia, mradi kimefuliwa kwa ajili ya zamu hiyo, ncha zake zimechomekwa ndani ya sare na hakina pini iliyochomoza. Nywele zinazopita mabega zifungwe, ziwe za mwanamke, za mwanamume mwenye rasta, za kusuka au za singa. Niqabu inahitaji uangalifu kidogo. Hospitali inayowavalisha wahudumu barakoa mchana kutwa haiwezi kudai kwamba uso uliofunikwa pekee yake unamtisha mgonjwa. Inachoweza kudai ni mtu kutambulika getini na kabla ya kutoa dawa, na barakoa safi ya hospitali mahali inapohitajika.

Ndevu nazo zina sababu yake halisi katika wodi ya kifua kikuu: barakoa ya N95 haikai sawasawa juu ya ndevu, hewa hupenya pembeni. Basi andika hivyo, "mtumishi anayetakiwa kuvaa N95 atapimwa kama inabana uso wake," wala usiandike "wanaume wanyoe ndevu." Asiyenyoa kwa imani ahamishiwe kazi isiyohitaji kifaa hicho, bila kupunguziwa mshahara. Mtu wa mapokezi haguswi na kanuni hiyo hata kidogo, na mkurugenzi asiyependa ndevu ajizuie.

Kuhusu jinsia, chukua rasimu yako ukahesabu mistari. Ikiwa wanawake wana makatazo 9 na wanaume wameambiwa "wavae nadhifu," umeandika kanuni ya wanawake. Sare ipewe kipimo kimoja: ifunike kuanzia mabegani hadi magotini mtu akiwa ameinama, na isionyeshe nguo za ndani. Muuguzi wa kike achague suruali au gauni bila kuomba ruhusa, na mjamzito apate saizi nyingine bila malipo.

Mwenendo hauhitaji kurasa nyingi, ila makatazo mawili huwa yanasahaulika. La kwanza: mtumishi asimhubirie mgonjwa aliye chini ya uangalizi wake. Mgonjwa akiomba dua mwenyewe, aitiwe kiongozi wa dini anayemtaka. La pili: mtu asiguse wala kuvuta vazi la mwenzake kwa kisingizio cha kukagua, na asitoe maneno juu ya mwili wake. Bila katazo hilo, kanuni ya mavazi inakuwa leseni ya kudhalilisha.

Halafu andika njia ya kuomba nafuu: ombi kwa maandishi kwa ofisa utumishi, jibu la maandishi lenye sababu ndani ya siku 5 za kazi, na mtumishi aendelee kuvaa anavyovaa mpaka ajibiwe, isipokuwa kuna hatari ya wazi kwa mgonjwa. Usidai barua ya sheikh au mchungaji. Imani ni ya mtu, na viongozi wenyewe hawakubaliani juu ya mikono na ndevu.

Utekelezaji ndio unaoziangusha kanuni nyingi nzuri. Taja nani anasema: msimamizi wa zamu peke yake, faraghani. Taja kinachofuata: mara ya kwanza kuelekezwa na kurekebisha papo hapo, mara ya pili onyo la maandishi, kisha shauri la nidhamu. Mlinzi asirudishe mtu nyumbani. Kikao kikifika, Kanuni za 2007 zinampa mtumishi muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake. Tena weka daftari. Siku ya shauri, mwamuzi atataka kujua kama daktari bingwa aliyeingia wodini na saa mkononi aliandikiwa onyo kama muuguzi. Kama hakuandikiwa, hakuna wakili atakayeliziba pengo hilo.

Kabla rasimu haijasainiwa, mpe mlinzi nakala, mpe na muuguzi wa zamu ya usiku, uwaeleze watumishi kumi wa kufikirika wenye mavazi mbalimbali, kila mmoja aamue peke yake nani amevunja kanuni. Kipengele watakachotofautiana kirudishwe mezani kiandikwe upya.