Goma: Namna mtu anakatwa kwenye foto moja na kuwekwa kwenye ingine

Wakaaji wengi wa Goma wanajua hii kazi kwa jina la «montaji». Familia inakuja studio na foto mbili. Kwenye moja kuna maharusi na ndugu wamesimama kwenye bustani kando ya ziwa. Kwenye ingine kuna baba peke yake, aliyekufa ao aliye mbali na hakuweza kufika. Wanaomba baba asimame pamoja na wengine, foto ichapwe kubwa, iwekwe kwenye kadre saloni. Si kazi ya mchezo. Hiyo foto itaangaliwa miaka mingi, na kama baba anaonekana kama karatasi iliyobandikwa, mama ataona kila siku.

Zamani mpiga picha alizunguka mwili wa mtu na mausi, nukta kwa nukta, saa nzima ao zaidi. Leo kuna modeli za kompyuta ambazo zimefundishwa kutambua mtu kwenye foto, na zinafanya sehemu kubwa ya ile kazi kwa sekunde chache. Lakini mpiga picha mmoja wa Birere, ambaye tulikaa naye akifanya kazi moja mwanzo mpaka mwisho, anasema wateja hawaelewi vizuri: «Batu banazani mashini njo inafanya yote. Mashini inakata mutu, ndiyo. Lakini nywele na viatu, hiyo njo kazi yangu.»

Tuanze na kile modeli inatoa. Haitoi mtu aliyekatwa, inatoa maski. Maski ni picha ingine yenye kipimo sawa na foto, lakini iko na rangi nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Pahali peupe panasema «hapa ni mtu, bakisha». Pahali peusi panasema «hapa si mtu, ficha». Kijivu ni katikati, kama vile ncha za nywele, ambapo nukta moja ya foto iko na nywele kidogo na mbingu kidogo. Kila nukta ya maski inapewa namba kutoka 0 mpaka 255, na kazi yote ya mkono ni kusahihisha hizo namba pembeni ya mwili.

Modeli ambayo studio nyingi ndogo zinaweza kutumia inaitwa U2-Net. Ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, kule Kanada, na ikatoka mwaka 2020. Iko na toleo moja lililofundishwa kwa ajili ya watu tu. Inapatikana bure ndani ya programu inayoitwa rembg. Mara ya kwanza inashusha faili la karibu mega 170, kisha inafanya kazi bila intaneti, hata kwenye ordinateri ya zamani. Hapa kwetu, ambako mega zinalipwa na umeme unaenda na kurudi, hilo si jambo dogo.

Ile foto ya baba ilipigwa na simu, iko na nukta 3000 kwa upana na 4000 kwa urefu. Amri ilikuwa hii:

```
rembg i -om -m u2net_human_seg baba.jpg maski.png
```

Zile herufi `-om` zinaomba maski peke yake. Wengi wanaacha hizo, wanachukua mtu akiwa tayari amekatwa. Tatizo ni kwamba kama mashini imekata kipande cha kiatu, kile kipande hakipo tena kwenye faili. Ukiwa na maski pembeni, foto ya asili inabaki nzima, na kilichofichwa kinaweza kurudishwa.

Matokeo ya kwanza yalionekana mazuri kwenye skrini. Mpiga picha hakuyaamini. Alifungua foto kwenye programu ya GIMP, akaweka maski juu yake kwa njia ya `Layer > Mask > Add Layer Mask`, kisha chini ya mtu akaweka rangi nyekundu kali, ambayo haiko pahali popote kwenye foto. Akakuza mpaka asilimia 200. Hapo makosa yakatoka yote. Ukiweka nyeupe chini, ama ukiangalia foto nzima ikiwa ndogo, hauoni kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa ukingo wa mwili wote: ulikuwa laini na wenye mawimbi, mabega yalionekana kama yamekatwa na kisu kibutu. Sababu iko ndani ya modeli yenyewe. Kabla ya kuangalia foto, U2-Net inaipunguza iwe nukta 320 kwa 320, kisha ile maski ndogo inavutwa irudi kwenye kipimo cha kwanza. Kwa hiyo nukta moja ya maski inafunika karibu nukta 9 kwa upana na 12 kwa urefu za foto ya kweli. Kwenye simu haionekani. Kwenye karatasi ya sentimita 45 kwa 60, nukta 12 ni karibu milimita 2, na jicho la mtu linaona milimita 2 bila shida.

Dawa yake ni rahisi, na inashangaza ginsi watu wachache wanaijua. Usimpe modeli foto nzima. Kata kwanza karibu na mtu, ukiacha nafasi kidogo kila upande. Baba alikaa ndani ya kipande cha nukta 1600 kwa 3200, na hapo nukta ya maski ikabaki kufunika 5 kwa 10. Kisha kichwa peke yake, pamoja na mabega, kwenye kipande cha 800 kwa 800: nukta 2 na nusu tu. Maski ya kichwa inabandikwa juu ya maski kubwa pahali pake. Usikate karibu kupita kiasi. Modeli inatambua mtu kwa kuangalia umbo lake na mazingira, na ukiipa sikio na shavu tu, inapotea.

Kuna modeli mpya zaidi, kama BiRefNet ya mwaka 2024, ambayo inaangalia foto kwa nukta 1024 na inatoa nywele vizuri zaidi. Iko pia ndani ya rembg. Lakini faili lake ni zito mara kadhaa, na ordinateri yenye memori ndogo inaweza kukwama katikati.

Kosa la pili ni la Goma kabisa. Baba alisimama mbele ya ukuta wa mawe ya volkano, yale meusi tunayojengea uzio wa parseli. Alikuwa na suruali nyeusi na viatu vyeusi. Modeli haijui kiatu ni nini, inafuata tofauti za rangi na umbo ambalo ilifundishwa. Nyeusi juu ya nyeusi, ikakata ncha ya kiatu cha kushoto, na katikati ya magoti ikabakisha kipande cha jiwe kama ni mwili. Hapo hakuna modeli itakayosaidia sana. Mpiga picha aliongeza mwanga wa foto kwa muda, ili aone wapi kiatu kinaishia, akachukua brosi nyeupe yenye ukingo mgumu na kukirudisha kwenye maski. Kisha akageuza rangi kuwa nyeusi kwa kubonyeza X, akafuta lile jiwe. Kiatu, mkono wa koti, kola ya shati: hivyo vyote vinataka brosi ngumu, na ulaini wa nukta moja ao mbili tu pembeni.

Mama aliyebeba mtoto mgongoni ndani ya kitenge ni shida ingine, juu modeli inaweza kukata kichwa cha mtoto ikidhani ni kitu cha nyuma. Hapo kuna modeli ya aina ingine, Segment Anything, ambayo kampuni ya Meta ilitoa Aprili 2023. Hiyo unaionyesha kwa kubofya: bofya mtoto, «hiki ndani», bofya kiti, «hiki nje». Inasikiliza, lakini kwa nywele haiko fundi.

Tufike sasa kwenye nywele, ambazo zilichukua muda kuliko vyote. Nyuma ya kichwa cha baba kulikuwa mbingu nyeupe ya mawingu. Nywele zake ni fupi na nyeusi, na ukingo wake hauko mstari, ni kama moshi mfupi. Modeli ilitoa mstari laini kama kofia. Kwa sababu nywele zilikuwa nyeusi na mbingu nyeupe, mpiga picha alitumia njia ya zamani: alichukua chaneli ya bluu ya foto, akaikopia, akaongeza tofauti kwa `Colors > Levels` mpaka mbingu ikawa nyeupe na nywele nyeusi, akaigeuza kinyume. Ikawa maski ya nywele yenyewe, na kila ncha iko ndani. Aliitumia kwenye ukingo wa juu wa kichwa tu. Uso na shingo vilibaki na maski ya modeli. Kama nyuma ingekuwa ule ukuta mweusi, hii njia ingekufa, na angepaka kwa mkono, brosi ya nukta 3 mpaka 5, nguvu ya asilimia 40, akigonga kidogo kidogo. Usichore nywele moja moja, itaonekana kama miiba.

Baada ya hapo kulibaki mviringo mweupe kuzunguka kichwa. Bustani ya harusi iko na miti ya kijani nzito, na ule weupe uliwaka kama taa. Hilo si kosa la maski. Zile nukta za pembeni zilipigwa zikiwa zimechanganya nywele na mbingu, na zimebeba rangi ya mbingu mpaka kwenye foto mpya. Wengi wanapunguza maski nukta 2 kuzunguka mwili wote. Kwenye koti inafaa. Kwenye nywele inarudisha ile kofia. Yeye alichukua rangi ya nywele zenyewe, akaweka brosi kwenye `Darken only`, ambayo inagusa tu nukta zenye mwanga kuliko ile rangi, na akapita juu ya ukingo kwenye kopi ya foto ya baba. Weupe ukazimika, ncha zikabaki.

Hizi alama, sisi waandishi wa habari tunazitafuta pia kwenye foto zinazozunguka WhatsApp: mviringo wa rangi ambayo haiko kwenye mazingira, vidole vilivyoungana, nafasi kati ya mkono na kiuno iliyobaki na ukuta wa pahali pengine. Yule mpiga picha anakataa kazi ya kumweka mtu kwenye mkutano ambao hakufika, na foto ya familia anaiandika nyuma kwamba ni montaji.

Kabla ya kuchapa kubwa, alichapa kwanza kipande kidogo, kichwa na bega, kwa kipimo kile kile cha mwisho. Skrini inawaka, karatasi haiwaki, na kivuli chini ya viatu ambacho kilionekana sawa kwenye skrini kinaweza kutoka cheusi tupu. Kipande kilitoka na bega la kushoto likiwa kali kuliko mabega ya ndugu walio karibu, juu simu ya baba na kamera ya harusi hazilingani. Akarudi kwenye maski, akalainisha lile bega nukta moja zaidi, akachapa tena.